Foleni inaishia kituoni, hasira naingia nayo ndani. Nyie mnaishushia wapi?

Baba Zuhura (mleta uzi)
Jumapili, saa 2:15 usiku

Wakuu, habari za jioni. Sijaja kulalamikia barabara, hilo tumeshalilia mpaka sauti zimekauka. Nimekuja na jambo la nyumbani kwangu.

Nauza vipuri vya pikipiki Kariakoo, naishi Ulongoni, Gongo la Mboto. Tunafunga saa kumi na moja na nusu. Siku ikikaa vizuri, saa moja na nusu niko kwangu. Mvua ikinyesha, saa tatu. Tazara tunasota, Vingunguti tunasota, tukifika Banana gari inatulia kama imepaki.

Alhamisi konda alikata ruti. Tumelipa mpaka mwisho, Banana anatuambia "gari inageuza". Nikamdai mia tano yangu ya chenji, akanijibu hovyo mbele ya watu, akaruka mlangoni gari ikaondoka. Nikadandia nyingine, mguu mmoja ndani mmoja hewani, halafu bodaboda mpaka nyumbani. Kufungua mlango tu, viatu vya watoto vimetapakaa. Binti yangu wa miaka sita anakuja mbio kunipokea kama kawaida yake, nikamfokea juu ya vile viatu mpaka mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Ijumaa nafungua geti, namsikia anamwambia mdogo wake, "Baba huyo, toa viatu." Hakuja mbio. Jana hakuja. Leo Jumapili nimeshinda nyumbani, yuko sawa, tumecheza. Kesho ndiyo naiogopa.

Zile kelele hazikuwa za viatu, zilikuwa za mia tano. Nimeteremka Banana na mia tano ile kichwani, nikaibeba hadi sebuleni. Nyie wenzangu mnafanyaje ili mkifika mlangoni muwe mmeshapoa?

---

Kiboko ya Foleni
Jumapili, saa 2:31 usiku

Mkuu, wewe unakosea njia. Kwa nini ung'ang'anie Nyerere Road? Shuka Buguruni, chukua bajaji za ndani ndani utokee huko mbele. Au hama. Mimi nilihama Mbezi nikapanga Tabata, leo hii saa kumi na mbili niko kwenye kochi.

---

Baba Zuhura
Jumapili, saa 2:40 usiku

Kiboko, nimejenga mkuu. Vyumba viwili na sebule, choo bado kinasubiri vigae. Nihame niende wapi? Na njia za ndani nimezijaribu, mvua ikinyesha kule ni bwawa. Nauliza cha kufanya baada ya kushuka.

---

Chuma Kizito
Jumapili, saa 3:02 usiku

Hasira ni moto, inabidi itoke. Ukiikalia inakuua na presha. Mimi uani nimening'iniza gunia la mchanga. Nikirudi, kabla ya kuingia ndani nalipiga dakika kumi huku namfikiria yule konda au bosi, yeyote aliyeniharibia siku. Likishanitoa jasho, naingia mwepesi kama karatasi. Jaribu.

---

Saitani Wetu
Jumapili, saa 3:20 usiku

Huku Nairobi tuko pamoja ndugu yangu. Mimi naendesha, natoka Industrial Area hadi Kitengela kwa Mombasa Road. Tangu wafungue ile barabara ya juu mwaka 2022 wenye pesa wanapita hewani, sisi wa chini tunawatazama. Nikifika nyumbani sishuki. Nazima taa, nabaki ndani ya gari dakika kumi, redio chini, hakuna mtu. Shida ni kwamba mke wangu ameshaniuliza mara mbili ni nani huwa naongea naye kwa simu humo ndani. Wallahi siongei na mtu!

---

Sista wa Zamu
Jumapili, saa 4:48 usiku

Nimetoka zamu sasa hivi, nimeusoma uzi wote. Mimi ni muuguzi kitengo cha afya ya akili, na naishi Chanika, kwa hiyo barabara hiyo hiyo ya Baba Zuhura ninaijua kwa magoti yangu.

Kaka, umejibu nusu ya swali lako mwenyewe uliposema hasira ilikuwa ya mia tano. Ukigombana na mtu, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Ukiachwa peke yako na ugomvi ukaisha, hali hiyo inashuka ndani ya dakika chache, tuseme robo saa au nusu saa. Sasa jiulize: kutoka Banana mpaka kwako ilikuchukua muda gani?

Kama ilikuwa zaidi ya nusu saa na bado ulifika unachemka, basi kuna mtu alikuwa anauchochea huo moto njiani, na mtu huyo ni wewe. Kila ukimrudia konda kichwani, "ningemwambia hivi, ningemshika hivi", mwili unamwaga tena. Wenyewe haujui kwamba ugomvi ni wa kukumbuka tu.

Halafu kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalioni. Mwili uliochemka hauna lebo ya kusema umechemshwa na nani. Unafika nao nyumbani, unakuta kosa dogo, viatu, na kichwa kinadhani viatu ndivyo vimekuchemsha kiasi hicho. Ndiyo maana wakati ule unafoka uliona una haki kabisa. Saa moja baadaye ndipo unajishangaa.

Chuma Kizito, hapo kwenye gunia umepatia nusu. Kutikisa mwili si kubaya. Tatizo ni kulipiga huku unamfikiria konda. Kuna jaribio maarufu la Brad Bushman, la mwaka 2002: wanafunzi waliudhiwa makusudi, wengine wakapiga begi la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine wakapiga huku wakifikiria mazoezi, wengine wakakaa tu kimya. Waliokuja kuwa na hasira zaidi ni wale wa kumfikiria mtu. Waliokaa tu walipoa kuliko hao. Piga gunia lako, ila fikiria kifua chako kinavyojaa, konda mwache Banana.

Saitani Wetu, dakika zako kumi ni nzuri, zima na injini pia. Na kama unaegesha kwenye gereji iliyofungwa, usikae humo kabisa injini ikiwaka. Ndani ya ule moshi kuna gesi isiyo na harufu ya kukuonya, inaua.

Baba Zuhura, kabla sijakuambia la kufanya nijibu maswali matatu: mchana unakula saa ngapi? Maji mara ya mwisho unakunywa saa ngapi? Na siku ambazo huendi kazini, hasira inakuwaje?

---

Baba Zuhura
Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Sista, nakuandikia nikiwa ndani ya gari, tuko Airport hatujasogea.

Kutoka Banana hadi kwangu siku ile ilikuwa saa nzima kasoro kidogo. Na ni kweli, njia nzima nilikuwa namjibu yule konda kichwani. Nilimpa majibu makali sana, yeye hayupo.

Chakula nakula saa saba, wali maharage kwa mama ntilie. Maji naacha saa tisa. Kwa sababu gani? Ukinywa, foleni ikikukamata pale kati, utajisaidia wapi? Nimeshawahi kushuka Vingunguti kutafuta choo nikapoteza nauli. Toka siku hiyo saa tisa nafunga bomba.

Siku za kutulia nyumbani niko sawa. Hata mke wangu anasema Jumapili ni mtu mwingine.

---

Mzee wa Buguruni
Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Hilo la maji hata mimi. Nilidhani niko peke yangu.

---

Sista wa Zamu
Jumatatu, saa 8:15 mchana

Hamko peke yenu, wagonjwa wa maumivu ya kichwa ya jioni ninaowauliza, wengi wananipa jibu hilo hilo.

Hebu pigeni hesabu pamoja nami. Amekula saa saba, anafika saa mbili usiku. Saa saba nzima tumbo tupu. Hajanywa tangu saa tisa, saa tano zimepita, na amesimama kwenye joto la Dar ndani ya gari lililojaa anatoka jasho. Kiu hata ndogo inamfanya mtu awe na kichwa kizito na asiwe na uvumilivu. Kwa hiyo anayeingia mlangoni ni mtu mwenye njaa na kiu, na juu yake ndipo likaja la konda. Kabla ya kushughulikia mawazo, shughulikia tumbo.

Fanya hivi wiki hii. Maji kunywa ya kutosha mchana pamoja na chakula, na kikombe kimoja kama saa tisa. Ukifunga duka nenda chooni hata kama husikii haja. Beba chupa ya nusu lita, usiiguse mpaka ushuke Gongo la Mboto. Ukishuka, inywe yote taratibu. Kula kitu pale kituoni, yai la kuchemsha, ndizi, karanga za mia mbili. Mkeo asije akanilaumu kwamba nakushibisha nje, sijasema chipsi.

Halafu bodaboda. Kituoni mpaka kwako kwa miguu ni muda gani?

---

Baba Zuhura
Jumatatu, saa 3:05 usiku

Kwa miguu dakika 20 na ushee. Boda dakika tano. Leo nimechukua boda, na leo pia mtoto hakuja mbio, ila nilikuwa kimya tu, nikaenda kuoga moja kwa moja.

---

Ustadhi Mtaratibu
Jumatatu, saa 3:30 usiku

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, umegusa kuoga. Sisi tumefundishwa kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, isipomtoka ajilaze. Na udhu unasaidia. Mimi kero yangu kubwa kwenye foleni ilikuwa Magharibi kunipita. Adhana inaadhiniwa niko Ubungo nimebanwa, nikifika nyumbani nina hasira na dunia nzima. Siku hizi nashuka msikiti wowote ulio karibu na barabara, natia udhu, naswali, ndipo napanda gari nyingine. Nachelewa dakika 20, lakini nafika mtu.

---

Sista wa Zamu
Jumatatu, saa 5:10 usiku

Ustadhi, wa alaykum salaam. Na tazama ulichofanya hapo: umeikata safari vipande viwili, na kile kipande cha kero huingii nacho nyumbani. Maji ya baridi usoni nayo yana kazi yake, yanaupunguza mwendo wa moyo kwa muda mfupi. Ingawa maji ya tenki la Dar saa moja jioni tunayajua, yanatosha kupikia chai.

Baba Zuhura, si lazima utembee zote 20. Mwambie boda akushushe nusu ya njia, mahali penye taa na watu. Tembea zile dakika kumi zilizobaki kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Simu mfukoni, usifungue magrupu.

Ukiwa unatembea, pumua hivi: vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, kawaida tu, usijaze kifua. Toa polepole ukihesabu mpaka sita. Zikifika pumzi kumi utakuwa umetumia kama dakika moja na sekunde arobaini hivi. Ile ya kutoa ndiyo yenye kazi, moyo unakwenda taratibu kidogo kila unapotoa pumzi. Kuvuta kunauongezea mwendo, ndiyo maana wanaoambiwa "vuta pumzi ndefu" wakavuta kwa nguvu zote hawapoi.

Na mtumie mkeo ujumbe ukiwa unashuka kwenye gari: "Leo njia imenitesa, nikifika nipeni dakika kumi." Kuna utafiti wa Rena Repetti wa mwaka 1989 juu ya waongoza ndege wa uwanjani na wake zao. Siku za kazi nzito wale waume walirudi nyumbani wakijitenga, na pale ambapo mke alimpa nafasi ajitenge kidogo, hasira ndani ya nyumba zilikuwa chache. Cha msingi ni kwamba mtu wa nyumbani anajua. Ukijitenga bila kusema, mwenzio anaona umenuna, na hapo ndipo Saitani Wetu anaulizwa anaongea na nani kwenye gari.

---

Mama Wawili
Jumanne, saa 4:02 asubuhi

Samahani, nimesoma kimya kimya tangu juzi, nimeshindwa kuvumilia.

Dada Sista, unayoyasema ni mazuri kwa baba. Mimi natoka Posta narudi Kinyerezi, foleni ile ile, nimesimama na mkoba kifuani kwa ajili ya vibaka. Nikifungua mlango nakuta mtoto anataka kunyonya, mkubwa ana kazi ya shule, jiko halijawashwa, na baba yao amefika kabla yangu amekaa anasubiri chakula. Zile dakika kumi namwomba nani? Na kutembea usiku nusu ya njia peke yangu, nikikabwa mtasema nilikuwa natafuta nini.

Waongoza ndege walikuwa na wake wa kuwapa nafasi. Wake wa hao wake ni nani?

---

Chuma Kizito
Jumanne, saa 4:20 asubuhi

Aisee hapo nimekosa la kusema.

---

Konda Mstaafu
Jumanne, saa 5:45 asubuhi

Nami niseme kwa upande wetu maana naona konda ndiye adui wa uzi. Nimepiga ukonda miaka minane, Gongo la Mboto hiyo hiyo. Gari si ya konda. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, iwe foleni iwe kiangazi, na mafuta tunaweka sisi. Safari ambazo ulikuwa unapiga sita zinakuwa nne. Kukata ruti ni kosa, sikatai, mimi mwenyewe nimepigwa faini. Lakini yule aliyekujibu hovyo tayari alikuwa ametukanwa na watu kumi kabla yako, na yeye nyumbani ana viatu vyake mlangoni.

Ile mia tano siitetei. Chenji ya mtu ni chenji ya mtu.

---

Baba Zuhura
Jumanne, saa 6:10 mchana

Konda Mstaafu nimekusoma. Bado naidai.

---

Sista wa Zamu
Jumanne, saa 10:30 jioni

Mama Wawili, umenikamata. Ushauri wangu ulimlenga aliyeuliza, na kweli unategemea kuwe na mtu mwingine ndani aliyeshika zamu. Sitakudanganya kwamba pumzi kumi zinawasha jiko.

Kwako ningeanza na ndani ya gari, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo hakuna anayekuita mama. Vituo viwili vya mwisho usiongee na simu. Pumua zile nne kwa sita, macho wazi, mkono kwenye mkoba. Shusha mabega, utashangaa yamepanda mpaka masikioni. Legeza taya, meno yasigusane. Ukifika, kaa chini unyonyeshe kwanza kabla ya jiko, hata kama wote wana njaa. Hapo umekaa, umenyamaza, na kunyonyesha kwenyewe kunatuliza mama wengi. Hizo ndizo dakika zako kumi.

Kuhusu baba anayesubiri chakula, hilo si la muuguzi. Hilo ni la kikao.

---

Mama Wawili
Jumanne, saa 11:05 jioni

Kikao kimeshaitishwa mara tatu, mjumbe mmoja hahudhurii. Ila la kukaa ninyonyeshe kwanza nalichukua.

---

Kiboko ya Foleni
Jumanne, saa 2:00 usiku

Mimi naona mnazunguka. Bia mbili pale kituoni, unasubiri foleni iishe, unafika nyumbani saa nne unacheka. Hakuna pumzi wala kuhesabu.

---

Sista wa Zamu
Jumanne, saa 4:30 usiku

Kiboko, bia mbili zinalegeza, sikatai. Lakini zinalegeza na ile breki inayokuzuia kufoka. Mtu aliyepoa akinywa anacheka, mtu aliyekuja na mia tano yake kifuani akinywa, viatu vitamwona. Halafu angalia hesabu ya mwezi. Siku za kazi tano, bia mbili mbili, ni arobaini na zaidi. Huyo mtu sasa ana shida mbili.

---

Baba Zuhura
Ijumaa, saa 3:40 usiku

Wakuu, mrejesho.

Jumanne: nilikunywa maji mchana, nikaenda chooni, nikabeba chupa. Nimeshuka mwisho saa mbili kasoro kumi. Nilihesabu mapigo ya moyo shingoni kwa nusu dakika nikazidisha mara mbili: 98. Maji, yai moja, boda nusu ya njia mpaka kwa muuza chipsi, nikatembea. Getini nikahesabu tena: 84. Mtoto hakuja, ila aliniita kutoka ndani.

Jumatano: ilibuma kabisa. Kwanza nilivuta pumzi kwa nguvu nikidhani ndiyo dawa, kizunguzungu kikanishika, vidole vikaanza kuchachatika, nikakaa kwenye tofali za watu. Halafu nilipoendelea kutembea nikamkumbuka konda, nikatembea naye mpaka nyumbani. Nilifika 90. Sikufoka, lakini nilimjibu mke wangu kwa mkato na chakula kikaliwa kimya.

Jana: njia ilikuwa nyepesi, saa moja na dakika ishirini nilikuwa kwangu, sikufanya chochote na nilikuwa sawa.

Leo: mvua. Nimeshuka saa tatu kasoro robo, nimeloa, 102. Matope, kwa hiyo kutembea hakuna, nimepanda boda hadi getini. Nilimtumia mama Zuhura ujumbe. Nimefika nimekuta viti viwili barazani, ndoo ya maji ya moto ya kuogea na viatu vyote vimepangwa. Vile viatu vilivyopangwa vimeniuma kuliko vilivyotapakaa.

Sista, Jumatano nilikosea wapi? Na je, hayo mapigo yanapima hasira kweli?

---

Sista wa Zamu
Jumamosi, saa 3:15 asubuhi

Yanapima kwa kukisia tu, kaka. Umesimama saa mbili kwenye joto, umeruka madimbwi, moyo ungekwenda mbio hata ungekuwa na furaha ya harusi. Yatumie kuona kama yanashuka kati ya kituoni na getini, usiyape kazi nyingine. Dalili nzuri zaidi kwako ni hii: ukifungua geti, kitu cha kwanza kukiona ni nini? Kama ni kosa, taka, taa iliyoachwa inawaka, basi bado unachemka, zunguka nyumba mara moja zaidi. Kama ni mtu, ingia.

Kizunguzungu kilitokana na kuvuta sana. Umetoa hewa chafu nyingi kuliko mwili unavyotaka, ndiyo vidole vikachachatika. Haina madhara, ukirudi kupumua kawaida inakwisha. Pumzi ndogo, taratibu, unayoirefusha ni ile ya kutoka.

La konda ni gumu zaidi, na ukijiambia "nisimfikirie" ndiyo atakuja na mizigo. Jaribu hivi: ukishuka tu, iseme habari yote mara moja, kama unatoa taarifa polisi. "Saa kumi na mbili na nusu, Banana, alikata ruti, hakunipa mia tano." Bila "ningemwambia". Halafu akirudi kichwani unamwambia taarifa imeshaandikwa, unarudi kuhesabu hatua. Atarudi mara nyingi tu. Kazi ni kurudi kwenye hatua, hata mara ishirini.

Na wengine mnaosoma: Baba Zuhura Jumapili yuko sawa, ndiyo maana nimeongea naye habari za njia. Ukiwa unachemka hata siku ambayo hujatoka, usingizi unakatika alfajiri, mikono inakutoka kwa watoto, au kifua kinabana ukiwa kwenye foleni, usihesabu pumzi. Nenda kituo cha afya, wakupime na presha.

---

Mzee wa Buguruni
Jumamosi, saa 4:00 asubuhi

Kifua kubana ukiwa umekaa tu kwenye siti, na mkono wa kushoto kama umekufa ganzi, ni foleni hiyo?

---

Sista wa Zamu
Jumamosi, saa 4:03 asubuhi

Mzee wangu, shikamoo. Imetokea lini? Leo hii nenda hospitali wakupime moyo, usisubiri Jumatatu, na usiende peke yako. Ukitoka tuandikie.

---

Konda Mstaafu
Jumamosi, saa 4:20 asubuhi

Mzee niko Vingunguti hapa, nina bajaji siku hizi. Nitumie ujumbe wa ndani nikufuate. Na nauli usinilipe, tusije tukaanza habari za chenji.

---

Mzee wa Buguruni
Jumamosi, saa 9:50 alasiri

Nimepimwa. Moyo wanasema kipimo kimetoka vizuri, presha iko juu, nimepewa dawa na kurudi baada ya wiki mbili. Asante konda. Sista, marahaba mwanangu.

---

Baba Zuhura
Jumatatu, saa 2:55 usiku

Pole sana mzee, na ashukuriwe Mungu.

Leo Banana wamekata ruti tena. Konda mwingine. Niliitoa taarifa yangu kwa sauti njiani, mama mmoja muuza mihogo akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nimefika getini namwona Zuhura kwanza, amesimama mlangoni na mdogo wake, viatu wameshika mikononi. Nikamwambia aviache hapo hapo chini. Ameviacha, ila kwa mpangilio.

Mama Wawili, kikao vipi?

---

Mama Wawili
Jumatatu, saa 4:10 usiku

Mjumbe amehudhuria. Amesema jiko atawasha, kupika hajui. Tumeishia hapo, ajenda nyingine Jumapili.